Mkono Mmoja, Mapigo Matatu

Leo tuingie ukumbini, tufunge madirisha ili upepo usitusumbue, tuuzungumzie mpira wa vinyoya, au badmintoni kama wengi wanavyouita. Matokeo na ratiba tuwaachie wengine. Nataka tuangalie jambo moja: kwa nini mchezaji mzuri akishainua raketi juu ya kichwa, aliye ng'ambo ya wavu hajui kinachokuja mpaka kimeshamfikia.

Tuanze na huyo wa ng'ambo, maana shida ni yake. Katika mchezo wa mtu mmoja kwa mmoja, eneo analolilinda lina upana wa mita 5.18 na urefu wa mita 6.70 kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma. Yuko peke yake humo. Anasimama karibu na katikati, amejivuta nyuma kidogo, magoti yamelegea, raketi iko mbele ya tumbo. Mpinzani wake amerudi nyuma kabisa upande wa pili, kinyoya kinashuka kutoka juu, mkono uko tayari. Hapo kuna mapigo makuu matatu yanayoweza kutoka. Kuna smashi, kinyoya kinafyatuliwa kuelekea chini kwa nguvu zote. Kuna klia, kinapelekwa juu kikaangukie nyuma kabisa, karibu na mstari. Na kuna dropu, kinadondoshwa kivuke wavu kwa shida kianguke hapo hapo mbele, kabla ya mstari wa kuanzishia mchezo, ambao uko mita 1.98 tu kutoka wavuni.

Moja linamtaka ajishushe mahali alipo, raketi ikiwa imeshuka. La pili linamtaka arudi nyuma mbio. La tatu linamtaka aruke mbele. Huwezi kuanza safari zote tatu kwa pamoja.

Sasa tupige hesabu ya muda. Smashi kali kutoka nyuma ya uwanja inamfikia mpokeaji kabla nusu sekunde haijaisha. Mtu mwepesi anahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde tangu jicho lione hadi mwili uanze kusogea. Kwa hiyo anayesubiri kukiona kinyoya kikiruka ndipo aamue, ameshatumia karibu nusu ya muda wake kabla unyayo haujainuka. Huenda umesikia rekodi ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, aliyepimwa mwaka 2023 nchini Japani akapiga smashi ya kilomita 565 kwa saa. Hiyo ilikuwa ni kupimwa, haikuwa mechi, na mwendo huo ni wa pale kinyoya kinapotoka kwenye nyuzi. Baada ya hapo hewa inakikamata. Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa kama gramu 5, kwa hiyo kinapomfikia mpokeaji kimeshapoteza zaidi ya nusu ya mwendo kilioanza nao. Asingeokolewa na hewa hiyo, mchezo huu usingechezeka.

Lakini hata hivyo muda hautoshi. Basi wachezaji wazuri wanarudishaje smashi? Wanasoma. Wanamsoma mpigaji kabla hajagusa kinyoya.

Jambo hili lilichunguzwa. Mwaka 1987 mtafiti Bruce Abernethy na mwenzake Russell walichapisha majaribio waliyofanya kwa filamu. Walimrekodi mchezaji akipiga, kamera ikiwa upande wa mpinzani, kisha wakaikata filamu katika nyakati mbalimbali: nyingine muda kabla ya raketi kugusa, nyingine wakati wa kugusa, nyingine baadaye kidogo. Wakawauliza watazamaji: kinyoya kitaangukia wapi? Wajuzi waliweza kuokota habari mapema, tangu kama sehemu moja ya sita ya sekunde kabla ya mguso. Wanagenzi hawakuiona. Halafu watafiti wakaficha sehemu za mwili kwenye picha. Ikaonekana kwamba wanagenzi walikuwa wanategemea raketi peke yake, ilhali wajuzi walikuwa wanausoma mkono wenyewe pamoja na raketi. Mkono unasema kabla raketi haijasema.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mara nyingi tunapomsifu mchezaji mjanja tunadhani amefanya kitu cha ziada, amepiga chenga kama winga wa kandanda anayeyumbisha kiuno. Katika pigo la juu ya kichwa mambo ni kinyume chake. Mjanja ni yule asiyeongeza kitu. Anafanya maandalizi yale yale, kwa mwendo ule ule, kila mara, mpaka msomaji wa ng'ambo anakosa cha kusoma. Ujanja wote umebanwa kwenye ile sehemu ya mwisho ya sekunde, na kufikia hapo jicho la binadamu limeshachelewa.

Tuyaangalie maandalizi yenyewe, msikilizaji, na nitamchukua anayetumia mkono wa kulia. Kinyoya kimeinuliwa juu kuelekea nyuma. Hatua ya kwanza ni ya miguu: anageuka ubavu, bega la kushoto linaelekea wavuni, mguu wa kulia unatangulia nyuma, na anarudi hadi awe chini ya kinyoya, afadhali hata nyuma yake kidogo. Mkono wa kushoto unainuka juu kama anayekionyesha kinyoya kwa kidole. Watu wanadhani mkono huo ni wa urembo. Kazi yake ni kulifungua bega na kushika mizani ya mwili, na ukiuona umelala kiunoni jua pigo litakalotoka litakuwa dhaifu. Kiwiko cha kulia kinainuka hadi usawa wa bega, kichwa cha raketi kinabaki nyuma ya kichwa chake, mshiko umelegea vidoleni. Kisha anausukuma mwili kwa mguu wa nyuma, kiuno kinazunguka, bega linafuata, kiwiko kinatangulia mbele na juu, na mwisho kabisa kigasha kinajipindua kutoka nje kuja ndani. Ni kule kujipindua kwa kigasha kunakoleta kasi kubwa ya kichwa cha raketi mwishoni, kuliko kukunja kiganja kama wengi wanavyofundishwa mitaani.

Mpaka hapo nimesema smashi, klia au dropu? Sijasema. Yote matatu yanapita njia hiyo hiyo.

Yanaachana wapi? Yanaachana katika mambo mawili madogo. La kwanza ni mahali raketi inapokutana na kinyoya. Smashi inataka kinyoya kiwe mbele ya mwili, kama shubiri moja au zaidi mbele ya paji la uso, ili uso wa raketi uwe umeshaanza kuinama. Klia inakipokea karibu na utosi, uso wa raketi ukitazama juu kidogo. Dropu inakaa mbele, karibu na mahali pa smashi. La pili ni uso wa raketi na kiasi cha nguvu kinachoingia kwenye kinyoya. Tofauti ya mahali pa kukutana inapimwa kwa shubiri, na tofauti ya uso wa raketi ni nyuzi chache za kuinama. Mtu aliye mita nane au tisa mbali, anayetazama kutoka mbele, hana nafasi nzuri ya kuona kama kinyoya kimegongwa mbele ya paji au juu ya utosi.

Hata hivyo mjuzi anaweza kuinusa tofauti hiyo, hasa kwa klia ya juu sana, ile ya kujiokoa, kwa sababu mgongo wa mpigaji unapinda nyuma na kidevu kinainuka. Ndiyo maana wachezaji wa ngazi za juu wanaichanganya smashi na klia ya kusukuma, isiyopanda sana, inayompita mpinzani juu kidogo tu ya ncha ya raketi yake. Klia hiyo inagongwa mbele zaidi, jirani na mahali pa smashi, kwa hiyo inafichika vizuri. Ubaya wake ni kwamba ikipungua kimo kidogo inakamatwa njiani. Usiwe na tamaa nayo.

Sasa nije kwenye dropu, maana wengi wanaumbuka hapo. Dropu ni pigo la polepole, na akili inamwambia mchezaji: basi punguza mkono. Anaanza vizuri, kiwiko juu, bega limefunguka, halafu karibu na mwisho mkono unasita. Unasita kidogo sana, lakini unasita. Badala ya kupiga, anasukuma. Mpinzani haoni kinyoya, anauona mkono uliopoteza haraka yake, na ameshaondoka kuelekea wavuni kabla dropu haijatoka kwenye nyuzi. Mara nyingine dalili ni ndogo zaidi: pumzi. Katika smashi mchezaji anaguna, katika dropu ananyamaza. Au miguu: anaruka anapotaka smashi, anabaki chini anapotaka dropu. Nimewaona wachezaji wa klabu wenye dropu safi kabisa, inayoambaa na utepe mweupe wa wavu, na haiwapi pointi hata moja, kwa sababu kila mtu ukumbini ameshaiona inakuja.

Dawa yake ni kukata. Mkono unakuja kwa mwendo karibu sawa na wa smashi, lakini raketi haikutani na kinyoya uso kwa uso. Inakipitia kwa mshazari, kama inakichanja kando. Kwa hiyo mwendo mwingi wa raketi unapita pembeni, na kinyoya kinapata sehemu ndogo tu ya nguvu ile. Mkono una kasi, kinyoya hakina. Mchezaji wa mkono wa kulia akikikwangua upande wake wa kulia, kinakimbilia kushoto kwake. Akigeuza uso wa raketi akakikwangua upande wa kushoto, kinakimbilia kulia, wakati mwili mzima ulikuwa unaelekea kwingine. Hilo la pili ni gumu zaidi kulijifunza na gumu zaidi kulisoma. Kuna jambo jingine la kujua: manyoya ya kinyoya yamepandiana kuelekea upande mmoja, hivyo kinyoya kina tabia ya kujizungusha upande huo. Ndiyo sababu kukikata upande mmoja hakutoi matokeo sawa na kukikata upande mwingine, na kila upande unadai mazoezi yake.

Makocha wengine wanamfundisha mwanafunzi dropu peke yake tangu mwanzo, taratibu, kama pigo la upole lenye mkono wake. Mimi sikubaliani nao. Anachojifunza huyo ni mkono wa pili, na miaka ya baadaye inatumika kuufuta. Afadhali dropu zake za mwanzo ziende mbali mno, ziangukie katikati ya uwanja, lakini zitoke kwenye mkono wa smashi. Umbali unarekebishika. Tabia ya mkono ni ngumu kuing'oa.

Haya, tuicheze mechi kidogo. Chukua wachezaji wawili, wote wa mkono wa kulia. Mpigaji yuko kwenye kona yake ya nyuma upande wa kulia. Mpokeaji yuko katikati ya eneo lake. Mwanzoni mwa seti, mara mbili mfululizo, mpigaji anapata kinyoya kizuri kwenye kona ile na mara zote mbili anapiga smashi iliyonyooka, sambamba na mstari wa pembeni, upande wa kushoto wa mpokeaji. Ya kwanza inarudishwa. Ya pili ni pointi.

Angalia mpokeaji anafanya nini baada ya hapo. Hajiambii kitu, lakini mwili wake umeshapokea onyo. Mara ya tatu kinyoya kinapopaa kwenda kona ile, amerudi nyuma nusu hatua, raketi ameishusha zaidi, na uzito umeegemea kushoto. Kawaida mpokeaji hufanya kiruko kidogo, miguu miwili ikitua iliyopanuka sawia na mpinzani anapogusa kinyoya, ili aweze kusukuma upande wowote. Mara hii anatua mapema na anatua akiwa mzito kwenye visigino, kwa sababu anaisubiri smashi.

Mpigaji anageuka ubavu vile vile. Mkono wa kushoto juu vile vile. Kiwiko kinatangulia vile vile, kwa haraka ile ile. Raketi inakichanja kinyoya kando ya kulia, nacho kinakatiza uwanja kwenda mbele ya mpokeaji, upande wake wa kulia, ng'ambo ya alikoegemea. Kutoka aliposimama hadi pale ni zaidi ya mita tatu, na lazima kwanza auondoe uzito wake kutoka kushoto. Anafika. Usidhani hafiki, wachezaji wazuri wanafika. Lakini anafika kinyoya kikiwa karibu na sakafu, goti limekunjwa mpaka mwisho, na kutoka chini vile hana chaguo ila kukiinua. Akikiinua kwa taabu hakifiki nyuma, kinaanguka katikati ya uwanja wa mpigaji. Na smashi inayopigwa kutoka katikati ya uwanja ni kitu kingine kabisa, maana umbali umepungua na pembe imekuwa kali.

Kwa hiyo pointi ile itaandikwa kwenye kumbukumbu kama smashi, ila kazi ilifanywa na dropu, na dropu ilifanyiwa kazi na zile smashi mbili za mwanzo. Na mara ya nne? Mpokeaji sasa amekumbuka dropu, amesogea mbele kidogo, kisigino kimeinuka. Mkono ule ule unakuja, na kinampita juu ya kichwa kwenda nyuma. Hata akikifikia, anakipiga akiwa amepinda mgongo.

Naomba hapa uone jambo ambalo watu hulisahau. Maandalizi yanayofanana hayana thamani kama mojawapo ya mapigo hayatishi. Mchezaji asiye na smashi ya kweli anaweza kufananisha mikono mpaka kesho, mpokeaji atasimama tu mbele akisubiri dropu, akijua kwamba hata smashi ikija ataimudu. Vivyo hivyo kwa klia fupi. Klia inayoangukia mita mbili kabla ya mstari wa nyuma haimrudishi mtu, inamkaribisha. Ukitaka dropu yako ipate pointi, kwanza kaza klia yako ifike nyuma.

Na kuna chanzo kingine cha kushindwa ambacho hakiko mkononi kabisa, kiko miguuni. Mchezaji aliyechelewa kufika nyuma, kinyoya kikamtangulia na kuwa nyuma ya kichwa chake, hana smashi tena. Haiwezekani kukielekeza chini kitu kilicho nyuma yako, labda uwe na kipaji cha ajabu. Amebaki na klia ya kujiokoa au dropu ya kuomba, na mpinzani anajua, anasogea mbele mara moja. Hata mkono uwe mzuri namna gani, mafumbo yameshafumbuliwa na miguu. Ukiona mchezaji dropu zake zilikuwa zinafanya kazi seti ya kwanza, seti ya tatu zinaliwa, usiutazame mkono wake. Tazama anafika nyuma saa ngapi. Amechoka, anachelewa hatua moja, na hatua hiyo ndiyo iliyomwondolea smashi kwenye hesabu ya mpinzani.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa na fundi atafute picha za Tai Tzu-ying wa Taiwan, aliyekaa namba moja duniani upande wa wanawake kwa jumla ya wiki 214. Uzuri wa mkono ule ni kwamba unakuwa umetulia juu, kama hauna haraka, halafu kinyoya kinatokea mahali ambapo mpinzani ameshapapa kisogo. Lakini mtazame mpaka mwisho, utaiona na bei yake. Kukata kinyoya kwa mkono wa kasi ni kucheza na upana wa nywele: ukikwangua zaidi kidogo, kinaingia wavuni, ukikwangua pungufu, kinaelea na kusubiri kuuawa. Tai alijulikana pia kwa makosa yake mwenyewe. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, alikutana na Chen Yufei wa China, mchezaji mvumilivu, asiye na mbwembwe, anayerudisha kila kitu. Chen alishinda 21-18, 19-21, 21-18. Hiyo ndiyo silaha kubwa dhidi ya mkono usiosomeka: kukataa kubahatisha. Unasubiri, unakubali kuchelewa kidogo, unarudisha kinyoya mahali salama, na unamwachia mwenye ujanja aendelee kulipia ujanja wake.

Fundi mwingine wa mkono alikuwa Prakash Padukone wa India. Mwaka 1980 alitwaa ubingwa wa mashindano ya Uingereza, Mhindi wa kwanza kufanya hivyo, kwa kumfunga Liem Swie King wa Indonesia aliyekuwa bingwa mtetezi na aliyeogopwa kwa smashi zake za kuruka. Matokeo ya siku hiyo yalikuwa 15-3, 15-10, enzi zile seti zikihesabiwa hadi 15. Padukone hakuwa mtu wa kupiga kwa nguvu. Alikuwa mtu wa kuchanganya.

Turudi kwetu. Huku Afrika Mashariki kuna jambo linaloharibu ufichaji huu bila mchezaji kujijua, nalo ni kinyoya chenyewe. Vinyoya vya manyoya huuzwa kwa namba za mwendo, na kadiri mahali palivyo juu kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kinyoya kinaruka mbali zaidi. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700. Kinyoya kinachofaa Mombasa au Dar es Salaam ukikipiga klia Nairobi kitatoka nje. Na joto la pwani nalo huipunguza hewa uzito, japo kwa kiasi kidogo kuliko mwinuko. Mchezaji anafanya nini anapoona klia zake zinatoka nje? Anapunguza mkono. Sasa ana mkono wa klia uliopunguzwa na mkono wa smashi usiopunguzwa, na mpinzani amepata cha kusoma. Kanuni zina kipimo rahisi cha kuepuka balaa hili: simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kwa nguvu kamili kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kiangukie kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo ni cha haraka mno, tafuta namba ndogo zaidi.

Vile vinyoya vya nailoni vinavyotumika shuleni na kwenye kumbi nyingi, kwa sababu vinadumu na bei yake inavumilika, vina tabia yao pia. Ukivipiga kwa nguvu sketi yake inajikunja kabla ya kujirudi, na ukivikata havishiki nyuzi wala kushuka kama vya manyoya. Mtu aliyejifunzia nailoni, dropu yake ya kukata ikienda mbali siku ya kwanza ya mashindano ya vinyoya vya manyoya au ikazama wavuni, asidhani amerogwa. Ajipe nusu saa ya kuzoea.

Mwisho, unajuaje kama mikono yako inafanana? Mwenyewe huwezi kujua, maana ndani ya mwili yote yanahisi sawa. Chukua simu, iweke upande wa mpinzani, katikati ya uwanja, kimo cha kifua cha mtu, na rekodi kwa mwendo wa picha nyingi kwa sekunde kama simu yako inaweza. Rafiki akuinulie vinyoya kwenye kona ile ile, nawe upige mchanganyiko wa smashi, klia na dropu bila mpangilio. Kisha kaeni, usimamishe kila video kabla tu ya raketi kugusa kinyoya, na umwonyeshe mtu ambaye hakuwepo. Akisie. Ni jaribio lile lile la 1987, kwa bei ya bando kidogo. Kwa mapigo matatu, anayebahatisha tu atapatia kama moja katika kila tatu. Akipatia nyingi zaidi ya hapo, muulize ameona nini. Jibu lake ndilo somo lako: atakuambia mkono wa kushoto haukuinuka, au kidevu kilipanda, au uliruka mara moja tu. Kwa kawaida inayopatikana kwanza ni dropu.

Ukishajua kasoro, zoezi lake ni hili. Mwenzako anakuinulia kinyoya juu, naye kocha amesimama nyuma ya mwenzako. Kocha anataja pigo: "mbele," "nyuma," au "piga." Wiki ya kwanza anataja kinyoya kikiwa bado kinapaa. Baadaye anataja kinapoanza kushuka. Baadaye zaidi, kiwiko chako kikiwa kimeshainuka. Kadiri anavyochelewa kutaja, ndivyo usivyopata nafasi ya kuandaa mkono maalumu, na mwili unalazimika kuanza kila pigo kama smashi. Kuna mpaka, bila shaka. Akichelewa mno mkono umeshaondoka, utapiga pigo lililoanza, na kelele zake hazitasaidia. Mpaka huo hautofautiani sana na muda ule ule mfupi unaomtesa mpokeaji, na mchezaji aliyeufikia anaweza kuanza kuacha sauti ya kocha na kuusikiliza mwili wa mpinzani: kwa pembe ya jicho, macho yakiwa kwenye kinyoya, anaona kama kile kivuli cha ng'ambo kimeanza kuegemea mbele. Kikiegemea, anapeleka nyuma.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutashuka wavuni.